Oda Moja, Ujumbe Mara Nne

Chukulia duka la vikoi lenye kaunta Mombasa na duka jingine mtandaoni, kwenye jukwaa la Shopify. Vikoi ni vilevile: kinachouzwa kaunta asubuhi hakiwezi kuuzwa mtandaoni jioni. Kwa hiyo mwenye duka ana daftari lake la stoo, programu ndogo ya PHP kwenye seva aliyoikodi, na kila oda ya mtandaoni inapoingia, Shopify huitumia programu hiyo taarifa. Taarifa ya namna hii ndiyo wanaprogramu huita webhuku: seva yako haiendi kuuliza kama kuna jipya, bali jukwaa lenyewe linabisha hodi kwenye anwani uliyolipa na kukukabidhi habari za oda, zimeandikwa kwa JSON.

Saa 3 na dakika 12 usiku inaingia oda namba 1047: vikoi 3 vya aina moja, vimeshalipiwa. Stoo ina vikoi 12. Programu inapokea taarifa, inatoa 3 kwenye 12, inachapa karatasi ya kufungashia mzigo, kisha inaiomba kampuni ya kutuma SMS impelekee mteja ujumbe wa shukrani. Usiku huo kampuni ya SMS inasuasua na inachukua sekunde 7 kujibu. Ndipo programu inaigeukia Shopify na kusema, nimepokea.

Imechelewa. Shopify humpa mpokeaji sekunde 5 kwa ombi zima. Zikipita bila jibu, inakata simu na kuandika kwamba taarifa haikufika. Lakini kazi ilikuwa imeshafanyika, kwa sababu PHP haitambui kwamba aliyepiga amekata mpaka ijaribu kumjibu. Inaendelea mpaka mwisho. Baada ya muda Shopify inarudi na taarifa ileile. Programu haina kumbukumbu, inaipokea kama ngeni: 9 inakuwa 6, karatasi ya pili inachapwa, SMS ya pili inaondoka. Inarudi tena, 6 inakuwa 3. Mara ya nne kampuni ya SMS imepata nafuu na jibu linafika kwa wakati, lakini stoo sasa inasoma sifuri. Programu, kwa uaminifu wake, inaiarifu Shopify kwamba vikoi vimekwisha, na ukurasa wa bidhaa unafungwa. Rafuni kuna vikoi 9. Kuna karatasi nne za kufungashia mzigo mmoja, na mteja ana SMS nne za shukrani.

Hakuna kilichoharibika hapo. Shopify ilifanya kile ilichoahidi, seva haikuzimika, mtandao haukukatika. Kosa liko kwenye dhana ya mwandishi wa programu kwamba taarifa moja hufika mara moja. Haiko hivyo, na haiwezi kuwa hivyo. Mtumaji asipopata jibu hana njia ya kujua kama ujumbe ulipotea wakati wa kwenda au jibu lilipotea wakati wa kurudi. Ana mawili tu ya kuchagua: arudie, au aache. Akirudia, kuna siku utapata mara mbili. Akiacha, kuna siku utakosa kabisa. Majukwaa ya maduka yamechagua kurudia, na kwa maoni yangu yamechagua vizuri, maana oda iliyorudiwa unaweza kuitambua, lakini oda ambayo hukuipata hutaijua mpaka mteja apige simu kwa hasira.

Tiba ya kwanza ni kutenganisha kupokea na kushughulikia. Tarishi wa ofisini akikuletea barua hangoji uisome na kuijibu. Anangoja usaini kitabu chake cha dispachi, basi, anaondoka. Programu inayopokea webhuku nayo ifanye mambo matatu tu: ihakikishe taarifa imetoka kwa mwenyewe, iiandike kwenye hifadhidata, ijibu 200. Kazi hiyo humalizika kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kupunguza stoo, kuchapa karatasi na kutuma SMS vifanywe baadaye na programu nyingine inayosoma hifadhidata hiyo. Kwenye seva ndogo za kukodi, cron inayoamka kila dakika inatosha kabisa. Hapo kampuni ya SMS ikisuasua, anayeumia ni cron peke yake.

Nimetaja kuhakikisha kwamba taarifa imetoka kwa mwenyewe. Hapa ndipo pana msitu, na ndipo watu wengi hupotea.

Anwani ya kupokelea webhuku iko wazi kwa dunia nzima, kwani isingekuwa wazi Shopify isingeifikia. Yeyote anayeijua au kuibahatisha anaweza kuitumia JSON aliyoitunga mwenyewe, yenye jina lake, anwani yake, vikoi 10, na `financial_status` iliyoandikwa `paid`. Amri moja ya curl inatosha. Programu isiyokagua itachapa karatasi ya mzigo, na mfungashaji atafungasha. Ndiyo maana Shopify huweka sahihi kwenye kila taarifa, katika kichwa cha ombi kiitwacho `X-Shopify-Hmac-Sha256`.

Sahihi hiyo hutengenezwa kwa njia ya HMAC, iliyochapishwa mwaka 1997 katika waraka wa RFC 2104 na Hugo Krawczyk, Mihir Bellare na Ran Canetti. Pande mbili zina neno moja la siri. Mtumaji huchukua mwili wa ujumbe pamoja na siri hiyo, anavipitisha kwenye hesabu ya SHA-256, na kupata baiti 32. Ukibadilisha herufi moja tu ya ujumbe, baiti zote hubadilika ovyo. Na asiye na siri hawezi kuzipata hata akiwa na ujumbe wote mkononi. Mpokeaji anarudia hesabu ileile kwa siri yake na kulinganisha. Siri yenyewe haisafiri. Kwa PHP ni mistari michache:

```php
$mwili  = file_get_contents('php://input');
$sahihi = $_SERVER['HTTP_X_SHOPIFY_HMAC_SHA256'] ?? '';
$hesabu = base64_encode(hash_hmac('sha256', $mwili, $siri, true));

if (!hash_equals($hesabu, $sahihi)) {
    http_response_code(401);
    exit;
}
```

Tazama mstari wa kwanza. Unasoma mwili wa ombi kama ulivyofika, baiti kwa baiti, kabla ya mtu yeyote kuugusa. Mifumo mingi ya kuandikia programu ina tabia ya kukusaidia: inakuta JSON, inaifungua, inakukabidhi ikiwa tayari imepangwa. Mwandishi anapotaka kuhesabu sahihi, anaikunja upya kuwa JSON na kuihesabu. Kwa macho ni ileile, kwa baiti siyo. `json_encode` ya PHP, usipoiagiza vingine, huweka mkwaju wa nyuma mbele ya kila mkwaju wa kawaida, na jina kama José huligeuza `Jos\u00e9`. JavaScript nayo ikikuta 5.0 itaandika 5. Maana haijabadilika hata chembe, lakini HMAC haijui maana, inajua baiti. Kwenye Express ya Node tatizo hili ni la kila siku, kwa sababu `express.json()` huwekwa juu ya programu nzima na hula mwili kabla haujakufikia. Njia ya webhuku inahitaji `express.raw()` yake, iliyowekwa mbele ya hiyo.

Neno `true` mwishoni mwa `hash_hmac` nalo lina kazi yake. Bila hilo, PHP hutoa matokeo kwa herufi za heksadesimali badala ya baiti tupu, nawe unaishia kuzifunga kwa base64 herufi badala ya baiti. Ugonjwa huu una dalili rahisi: sahihi ya Shopify ina urefu wa herufi 44 na huishia kwa alama moja ya `=`, yako ikitoka herufi 88, umesahau `true`. Nayo `hash_equals` imetumika badala ya `==` kwa sababu ulinganishaji wa kawaida huacha kazi kwenye herufi ya kwanza isiyolingana, na tofauti hiyo ya muda, ingawa ni ndogo mno, humwambia mdukuzi mvumilivu amebahatisha herufi ngapi.

Sahihi zikigoma, usianze kubadilisha mistari kwa kubahatisha. Jiulize kwanza kama zinagoma zote au baadhi tu. Zikigoma zote na urefu ni sawa, mshuku neno la siri. Shopify ina mawili yanayochanganywa: webhuku iliyosajiliwa na app hutiwa sahihi kwa siri ya app hiyo, na ile uliyoiweka kwa mkono kwenye ukurasa wa mipangilio ya duka hutumia siri nyingine, inayoonyeshwa palepale kwenye ukurasa huo. Lakini zikipita nyingi na kugoma chache, na ukakuta zinazogoma ni za wateja wenye majina ya Kifaransa au anwani zenye mkwaju, basi siri yako ni nzima. Kuna kitu njiani kinachoifungua na kuikunja JSON. Hitilafu hii ya pili hukaa miezi bila kugunduliwa, kwa kuwa majaribio yote yalifanywa kwa mteja anayeitwa Test.

Waliozoea Daraja ya Safaricom wataona hapa ulinzi ambao hawajauzoea. Taarifa ya STK Push inayorudi kwenye seva yako haibebi sahihi ya namna hii, hivyo mwenye tahadhari huuliza tena hali ya muamala kabla ya kuiamini.

Sasa kuna jambo moja ambalo miongozo mingi hulipita haraka. Sahihi ya Shopify inahesabiwa kwa mwili wa ujumbe peke yake. Vichwa vya ombi havimo. Kichwa cha `X-Shopify-Topic`, kinachosema kama hii ni oda mpya au oda iliyofutwa, hakimo. `X-Shopify-Webhook-Id`, yaani namba ya taarifa, haimo. Wala hakuna muda uliofungwa ndani ya sahihi, tofauti na Stripe, ambayo huingiza muda katika kile kinachotiwa sahihi, na maktaba zake hukataa ujumbe uliozidi dakika 5 zisipoagizwa vingine. Kwa hiyo mtu aliyepata nakala ya taarifa halali, labda kutoka faili ya kumbukumbu iliyoachwa wazi kwenye seva, anaweza kuituma tena mwezi ujao akiwa amebadilisha vichwa anavyotaka, na sahihi itapita bila wasiwasi. Sahihi inathibitisha aliyeandika. Haisemi lolote kuhusu umeshaupokea mara ngapi.

Ndiyo maana kinga dhidi ya marudio inahitaji ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni namba ya taarifa. Shopify inaporudia taarifa ileile, `X-Shopify-Webhook-Id` hubaki ileile, kwa hiyo jedwali la mapokezi liifanye kuwa ufunguo usiorudiwa. Kuna namba nyingine, `X-Shopify-Event-Id`, inayotambulisha tendo lililozaa taarifa. Tendo moja linaweza kuzaa taarifa za mada tofauti zenye namba hiyo moja. Ukiifanya hiyo ufunguo peke yake unaweza kuitupa taarifa ya malipo ukidhani ni marudio ya taarifa ya oda.

Ufunguo uwe kwenye hifadhidata yenyewe, usiwe kwenye mantiki ya programu. Watu huandika hivi: tafuta kama namba hii ipo, kama haipo iingize. Taarifa mbili zikigonga kwa wakati mmoja, zote mbili zitatafuta, zote zitaambiwa haipo, na zote zitaingia. Ingiza moja kwa moja, uiache hifadhidata ikatae. Kwa MySQL kukataa huko ni kosa namba 1062. Ukilipata, jibu 200 na unyamaze. Nimeona programu zinazojibu 409 kwa marudio, kana kwamba zinamkaripia mtumaji. Shopify huhesabu jibu lolote nje ya kundi la 200 kuwa kushindwa, kwa hiyo karipio hilo huzaa marudio zaidi.

Ngazi ya pili iko chini zaidi, pale stoo inapoguswa, na ndiyo ninayoiamini kuliko ya kwanza. Namba ya oda na namba ya kila mstari wa bidhaa zimo ndani ya mwili, kwa hiyo zimelindwa na sahihi. Hizo ziwe ufunguo wa jedwali la makato:

```sql
START TRANSACTION;
INSERT INTO makato (oda_id, mstari_id, idadi)
VALUES (?, ?, 3);
UPDATE stoo SET zilizopo = zilizopo - 3
WHERE bidhaa_id = ?;
COMMIT;
```

`PRIMARY KEY` ya jedwali la makato ni `(oda_id, mstari_id)`. Programu ya cron inapokuja na oda 1047 mara ya pili, `INSERT` inakataliwa, programu inafuta muamala wote kwa `ROLLBACK`, na `UPDATE` haifanyiki. Cron ikizimika katikati, baada ya kuingiza makato na kabla ya kupunguza stoo, hifadhidata inavirudisha vyote viwili nyuma na kazi inaanza upya. Kwa oda yetu, taarifa ingekuja mara nne au mara arobaini, stoo ingebaki 9. Karatasi ya kufungashia ichapwe kutokana na mstari wa makato, siyo kutokana na taarifa, nayo itakuwa moja.

SMS haina ngazi hiyo. Hifadhidata inaweza kurudisha nyuma kilichoandikwa ndani yake, lakini haiwezi kuurudisha ujumbe uliokwisha kuingia kwenye simu ya mtu. Cron ikituma kisha ikazimika kabla ya kuandika kwamba imetuma, itakapoamka itatuma tena. Ikiandika kwanza kisha ikazimika kabla ya kutuma, mteja hatapata kitu. Baadhi ya makampuni ya SMS hukubali umpe kila ujumbe namba yako mwenyewe na hukataa namba iliyojirudia. Kama yako haina huduma hiyo, chagua unachoweza kukivumilia. Kwa SMS ya shukrani ningeandika kwanza: akikosa shukrani moja hakuna madhara. Kwa SMS yenye namba ya kuchukulia mzigo ningefanya kinyume chake.

Yabaki marudio kwa upande wa Shopify, ambayo yana ukomo. Taarifa ikishindikana hurudiwa hadi mara 8 ndani ya saa 4. Maelezo ya zamani yatakuambia mara 19 kwa saa 48; ulikuwa ndio utaratibu, umebadilishwa, na tofauti yake ni kubwa kwa anayetegemea kwamba seva ikilala usiku kucha asubuhi kila kitu kitajiletea chenyewe. Kibaya zaidi, marudio yote yakishindikana mfululizo, usajili wa webhuku uliofanywa kupitia Admin API hufutwa. Barua pepe ya onyo hutumwa kwenye anwani ya dharura ya mtengenezaji wa app, ambayo mara nyingi ni ya kijana aliyeondoka kazini zamani.

Kwa hiyo namba unayojibu ina uzito. Hifadhidata ikiwa haifikiki na umeshindwa kuiandika taarifa, jibu 500 bila aibu. Hapo marudio ni rafiki yako, na kujibu 200 kwa kitu usichokihifadhi ni kukitupa. Mada usiyoihitaji ikija, jibu 200 na uiache. Angalia pia uelekezaji: ukisajili anwani isiyo na `www` na seva yako ikawa inawapeleka wageni wote kwenye yenye `www` kwa jibu la 301, kivinjari chako kitafuata na utaona kila kitu kinafanya kazi, ilhali Shopify inaihesabu 301 kuwa kushindwa. Na ile 401 ya sahihi mbovu, ingawa ni jibu sahihi, inaweza kukugeukia: ukibadilisha siri ya app, Shopify inaweza kuendelea kutumia ya zamani kwa muda unaofikia saa nzima. Kwa kipindi hicho programu ikubali sahihi ya siri yoyote kati ya hizo mbili, kisha uiondoe ya zamani.

Hata ukiyafanya yote hayo, Shopify yenyewe haikuahidi kwamba kila taarifa itafika, wala kwamba zitafika kwa mpangilio. Taarifa ya oda iliyobadilishwa inaweza kuitangulia ya oda hiyohiyo kuundwa, kwa hiyo kabla ya kuandika juu ya kilichopo, linganisha `updated_at` ya ndani ya mwili na ile uliyonayo, na ya zamani iachwe. Kwa zile zisizofika kabisa, weka cron ya pili inayoamka mara moja kwa saa, iiombe API oda zote zilizobadilika tangu ilipoamka mara ya mwisho, kwa kutumia `updated_at_min`, ikirudi nyuma dakika 10 zaidi ili isikose za mpakani. Oda hizo zipite kwenye mlango uleule wa jedwali la makato. Nyingi zitakataliwa kwa kuwa zilishashughulikiwa, na hilo halidhuru chochote. Ile inayokubaliwa ndiyo ya kuangaliwa: ni oda ambayo webhuku yake haikufika. Ikiwa moja kwa mwezi, ipokee na uendelee. Zikiwa tatu ndani ya saa moja, nenda katazame kama usajili wako bado upo.